Alamu inayouliza kabla ya kuamrisha: vikumbusho vya mazoezi kwa mgongo unaopona

"Shikamoo dokta. Wiki saba zilizopita niliumia mgongo nikinyanyua mzigo. Mtaalamu wa fiziotherapia amenipa mazoezi manne ya kunyoosha: kulala chali na kulaza magoti huku na huku, kuleta goti kifuani, kulala kifudifudi nikainua kifua kwa viwiko, na kuvuta mguu juu kwa taulo. Alisema nianze kidogo kidogo, niongeze taratibu. Nimeweka alamu sita kwa siku kwenye simu. Wiki ya kwanza nilizifuata, sasa nazizima bila hata kuangalia. Nikikumbuka usiku nafanya yote kwa mkupuo, na kesho yake kuinuka kitandani ni kazi. Hilo la taulo nalo linaniletea ganzi kwenye unyayo. Hizi alamu nizipange vipi?"

Marahaba. Kabla hatujafika kwenye alamu, tumalizane na taulo, maana hilo halingoji.

Msuli wa nyuma ya paja ukinyooshwa, unasikia mvuto mzito katikati ya paja, na ukishusha mguu mvuto unakwisha hapo hapo. Neva ikivutwa huja kwa sura nyingine: ganzi, vichomi, moto, au kitu kama umeme unaoshuka, mara nyingi chini ya goti. Neva kubwa ya mguu inaanzia chini ya mgongo, inapita kwenye kalio na nyuma ya paja, halafu matawi yake yanashuka mpaka unyayoni. Kwa hiyo ukiinua mguu ulionyooka kwa taulo unavuta vyote viwili, msuli na neva. Neva ambayo imeshakereka mgongoni haitaki kuvutwa na kushikiliwa hapo sekunde 20 au 30. Ganzi ya unyayo ndiyo inayokwambia hivyo. Zoezi hilo liondoe leo kwenye alamu zako na umpigie simu aliyekuandikia, usingoje siku ya miadi. Huenda akalirudisha kwa namna nyingine, goti likiwa limekunjwa kidogo, au akakupa zoezi la kuitelezesha neva taratibu bila kuishikilia. Uamuzi huo ni wake, kwa sababu yeye ndiye aliyekupima.

Kuna jambo jingine ambalo hata simu ya mtaalamu usiisubiri. Ukipata ganzi sehemu za siri au pale unapokalia, ukashindwa kukojoa au kujizuia haja, au miguu ikaanza kulegea siku hadi siku, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Hiyo ni dalili kwamba neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama zitapona au la.

Sasa alamu. Wagonjwa wangu wengi wakinionyesha simu zao nakuta neno moja tu, "mazoezi", na linalia saa nne asubuhi mtu akiwa kazini. Mazoezi yako yote matatu yaliyobaki yanataka ulale chini. Saa nne, katikati ya watu, utalala wapi? Alamu inakuomba kitu kisichowezekana, unaizima, na kila ukiizima kidole kinazoea. Baada ya siku kumi kidole kinaizima kabla akili haijajua kilicholia. Usijilaumu kwa uvivu. Alamu yenyewe imewekwa mahali ambapo haiwezi kutiiwa.

Kwa hiyo futa zote sita. Utaanza upya na alamu tatu, na ya kwanza kati ya hizo haitakuamuru kufanya zoezi lolote. Itakuuliza swali.

Alamu hiyo ilie asubuhi, kama dakika 10 baada ya kuamka, ukiwa umeshasimama na kutembea hatua chache. Iandike hivi: "Mgongo leo ni namba ngapi? Maumivu yamefika wapi?" Namba ni kati ya sifuri na kumi: sifuri hakuna maumivu, kumi ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawazia. Mahali unaandika kwa maneno machache: kiuno, kalio, paja, shavu la mguu, unyayo. Andika kwenye daftari au kwenye simu, popote utakapopaona kesho. Haichukui nusu dakika.

Nasisitiza asubuhi kwa sababu mgongo haujibu papo hapo. Nikueleze kwa mfano wa mgonjwa mmoja niliyekuwa naye, mtunza stoo wa miaka arobaini na kitu, aliyeumia kama wewe. Tulikubaliana afanye magoti ya huku na huku mara 10 kila upande, na kuinua kifua kwa viwiko mara 5, asubuhi na jioni. Kila siku aliandika namba tatu: kabla ya mazoezi ya jioni, mara tu baada yake, na asubuhi iliyofuata. Jumatatu alikuwa na 3, 2, 3. Jumanne 3, 3, 3. Jumatano 3, 2, 2. Alhamisi 2, 2, 2. Ijumaa jioni akakuta namba ya kabla ni 1 tu, akajiona amepona. Akafanya magoti mara 25, akaacha viwiko na kujiinua kwa mikono iliyonyooka, hatua ambayo tulikuwa hatujaifikia, kisha akasimama na kuinama mpaka akagusa vidole vya miguu ili kujipima. Namba ya baada ilikuwa 2. Akalala na furaha. Jumamosi asubuhi aliandika 6, na mahali akaandika "shavu la mguu".

Itazame ile 2 ya Ijumaa usiku. Hakuandika uongo, ndivyo alivyojisikia. Mwili ukiwa umepata moto, misuli imelegea na damu inakwenda vizuri, maumivu hujificha. Sehemu iliyochokozwa kupita kiasi huvimba na kukaza polepole, saa baada ya saa, na jibu lake unalipata ukiamka. Ndiyo maana mtu anayejipima kwa namba ya baada ya zoezi peke yake anaongeza kila siku, kisha kila wikiendi anaanguka. Wewe unayafanya yote kwa mkupuo usiku, kesho kuinuka ni kazi. Ni hadithi ile ile ya mtunza stoo, ila wewe hukuwa ukiiandika.

Namba ya asubuhi ndiyo itakayoamua alamu nyingine mbili zitasema nini siku hiyo. Utaratibu ninaokubaliana na wagonjwa wangu ni huu, na uuonyeshe kwa mtaalamu wako kabla hujaanza, maana huenda yeye ana wake anaoufuata. Namba ikibaki ile ile au ikishuka, fanya kiasi kile kile cha jana. Ikikaa hivyo asubuhi tatu mfululizo, unaruhusiwa kupanda ngazi moja kwenye mpango, na ngazi maana yake ni badiliko la kitu kimoja tu: ama idadi, ama sekunde za kushikilia, ama namna ya zoezi. Ukiongeza vitatu kwa pamoja na mgongo ukalalamika, hutajua ni kipi kimeudhi. Namba ikipanda kwa moja, usiongeze wala usipunguze. Mgongo unaopona huyumba kidogo, na hali ya usingizi au kazi ya jana vinaweza kuisogeza namba kwa moja bila zoezi kuhusika. Ikipanda kwa mbili au zaidi, kata kiasi nusu, kaa hapo siku mbili. Siku ya tatu ikifika na namba haijashuka, piga simu.

Kukata nusu si kuacha. Hapa watu wengi hukosea upande wa pili: wakiumia mara moja wanafuta alamu zote na kulala wiki nzima. Mgongo uliolazwa hukakamaa, na hofu ya kuusogeza inaongezeka kila siku usiyousogeza. Mtunza stoo wetu tulimwachia magoti mara 5 kila upande, tukasimamisha viwiko kwa siku mbili, tukamwongezea matembezi mafupi ya dakika 5 mara kadhaa kwa siku. Asubuhi zake zikawa 5, 4, 4, 3, na siku ya tano akarudi kwenye 2. Jioni moja ya kujipima ilimgharimu karibu wiki.

Katika wiki ile kulikuwa na jambo ambalo nilimwonyesha kwenye daftari lake mwenyewe. Jumatatu namba ilikuwa bado 4, lakini mahali hapakuwa tena "shavu la mguu", pameandikwa "paja". Siku iliyofuata namba ikawa 4 ile ile, mahali "kalio". Yeye alikuwa amekata tamaa kwa sababu namba imegoma, mimi nilifurahi. Maumivu yanayotoka mguuni na kurudi juu kuelekea kiunoni kwa kawaida ni ishara njema, hata kiuno chenyewe kikiuma zaidi kidogo kwa muda. Yanayoteremka, kutoka kiuno kwenda paja, kutoka paja kwenda shavu la mguu, ni ishara ya kurudi nyuma hata kama ukali wake umepungua. Kwa hiyo kwenye utaratibu nilioutaja, mahali pana uzito kuliko namba. Maumivu yakishuka chini zaidi ya jana, kata nusu hata kama namba ni ndogo, na ukiona ni zoezi fulani linaloyashusha, lisimamishe hilo.

Alamu ya pili na ya tatu ndizo za mazoezi yenyewe. Mbili zinakutosha, kama mtaalamu wako hakuandika zaidi. Kuhusu saa, nina neno moja la kusisitiza: ile ya asubuhi isilie ukiwa bado kitandani. Diski, yale matakia yaliyo kati ya pingili za mgongo, hunyonya maji usiku unapolala, ndiyo maana asubuhi binadamu ni mrefu kidogo kuliko jioni. Yakiwa yamejaa hivyo, kuinama au kukunja mgongo kunayabana kwa nguvu zaidi. Sehemu kubwa ya maji hayo ya ziada hutoka katika saa ya kwanza ya kusimama na kutembea. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1998 uliwafundisha watu wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu kujizuia kuinama asubuhi mapema, na maumivu yao yakapungua. Kwa mpango wako, zoezi la kuleta goti kifuani linakunja mgongo. Hilo liache kwa jioni, au lifanye angalau saa moja baada ya kuamka. Muulize mtaalamu wako kama anakubali. Sijawahi kuona anayekataa.

Ya jioni isiwe ile ya mwisho kabla ya kulala. Nakuomba hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza umeshaijua: mtu aliyechoka hufanya kwa mkupuo ili amalize. Ya pili ni kitanda. Godoro linabonyea, kiuno kinazama, na zoezi la viwiko juu ya godoro linageuka kuwa zoezi jingine kabisa. Unahitaji sakafu na mkeka, au blanketi lililokunjwa mara mbili. Ufunge wakati huo na jambo ambalo unalifanya kila siku bila kukumbushwa, kwa mfano mara tu ukishatoka kuoga jioni, na mkeka uutandike kabla hujaenda kuoga. Ukitoka unaukuta. Nimeona mkeka uliotandikwa ukifanya kazi kuliko alamu, kwa sababu alamu inazimwa kwa kidole, lakini mkeka lazima uinuke kuukunja.

Maneno ya alamu nayo usiyafupishe. Kwa hali yako ya leo, bila taulo, ya jioni ningeiandika hivi: "Magoti huku na huku, 10 kila upande. Goti kifuani, 5 kila mguu, sekunde 10. Viwiko, 5, sekunde 5. Acha maumivu yakifika 4. Mwisho Jumapili." Namba hizi ni za mfano, weka zile zilizoandikwa kwenye karatasi yako. Nimeziweka zote kwa sababu alamu inayosema "mazoezi" tu inakuachia uamuzi wa kiasi, na kiasi ukikiamua siku ile mgongo unapojisikia vizuri, utazidisha. Inayosema 10 inakukumbusha kuanza na pia inakukumbusha kuacha. Ule ukomo wa maumivu una kazi hiyo hiyo. Kunyoosha kunaruhusiwa kuleta mvuto na usumbufu kidogo; ukifika 4 rudi nyuma kidogo, pumua, na kama hata hapo maumivu hayashuki, hilo zoezi kwa leo limekwisha.

Ile "Mwisho Jumapili" watu huiona ya ajabu. Nimeiweka kwa sababu alamu isiyo na tarehe inaendelea kukuamuru kiasi cha wiki ya tatu ukiwa wiki ya sita. Ikifika Jumapili unalazimika kufungua daftari, kuziangalia asubuhi saba, na kuandika upya: ama kiasi kile kile, ama ngazi inayofuata kwenye karatasi ya mtaalamu. Kama karatasi yako inasema tu "ongeza taratibu" bila kutaja ngazi, hilo ndilo la kumwomba kwanza unapompigia simu kuhusu taulo. Mwambie akuandikie ngazi mbili zijazo kwa kila zoezi, na sharti la kuifikia kila moja. Mfano mmoja wa zoezi la viwiko: kwanza kulala kifudifudi tu dakika 2, halafu viwiko kwa sekunde 5 mara 5, halafu viwiko sekunde 10 mara 5, na mikono iliyonyooka baadaye, akiwepo yeye mara ya kwanza. Usinakili ngazi za mgonjwa mwingine. Kuna migongo ambayo kuinua kifua ndiko kunakoiumiza, hasa ya wazee ambao mfereji wa neva umekuwa mwembamba. Kwao hilo zoezi la viwiko lingekuwa kosa.

Alamu ikikupita, imekupita. Usilipe deni. Ukikosa asubuhi, jioni fanya kiasi cha jioni. Ukikosa siku mbili, rudi na kiasi kile kile, usipande ngazi siku hiyo. Zikikupita siku nne au zaidi, anza na nusu kwa siku mbili. Na ukijikuta umekosa alamu ile ile mara tatu ndani ya wiki, usijikaze kwa nguvu, ihamishe saa. Inalia wakati ambao si wako.

Umeniambia kuhusu kunyoosha tu, lakini zile za mchana kati ya alamu zako sita nadhani zilikuwa zinatafuta kitu cha kweli: mgongo kuchoka kwa kukaa. Kwa hilo huhitaji zoezi, unahitaji kubadilisha mkao. Simama kila baada ya nusu saa hivi, hatua chache, basi. Usitumie sauti ile ile ya alamu za mazoezi, maana utazichanganya na kuanza kuzizima zote. Mtetemo mfupi unatosha, au ufungamanishe na kazi yenyewe: kila simu inayoingia unaipokea ukiwa umesimama, maji unayaweka mbali ili uyaendee. Kama umeshasimama inapotetema, iache ipite.

Asubuhi za 0 au 1 zikishakuwa nyingi, alamu ya kwanza kuondoka ni ile ya mazoezi ya asubuhi, kama mtaalamu akikubali. Ile ya swali ibakize mpaka mwisho, angalau kwa wiki zote utakazokuwa unarudi kunyanyua vitu vizito, kwa sababu hapo ndipo namba huwa inaruka tena. Na uongeze alamu moja ya kila wiki mbili, au kadiri ya miadi yako, ilie jioni ya kuamkia siku ya kwenda kwa mtaalamu: "Beba daftari." Akiona asubuhi 14 zimepangwa, pamoja na mahali maumivu yalipofika, hatakuwa na haja ya kukuuliza "unaendeleaje" ukamjibu "afadhali". Atakwenda moja kwa moja kwenye siku ambayo namba ilipanda na kukuuliza ulifanya nini jana yake.